Barua Mbili za Mtu Mmoja

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, msimamizi wetu alitoka ofisini na karatasi moja na pini nne, akaibandika kando ya ubao wa bei ya maziwa, akarudi ndani. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya mtungi wa tatu kwenye foleni, nikinusa. Unaponusa maziwa hupaswi kufikiria jambo lingine, kwa hiyo nilimaliza mitungi iliyokuwa mbele yangu, nikafuta mikono, ndipo nikaenda kusoma.

Lilikuwa tangazo la kazi yake. Alikuwa amepata nafasi katika kiwanda kikubwa mjini, na ushirika wetu wa wafugaji hapa Kapseret ulikuwa ukitafuta msimamizi mpya wa kituo cha kupoza maziwa. Masharti yalikuwa matano. Nilikuwa na matatu: cheti cha usindikaji wa maziwa, uzoefu wa miaka mingi katika upokeaji, na tabia njema, kama tabia njema hupimwa kwa kutofukuzwa kazi. Sikuwa na miaka mitatu ya kusimamia wafanyakazi. Nilikuwa na miezi mitatu tu, ile ambayo msimamizi alikuwa likizo ya uzazi nami nikakaimu. Wala sikuwahi kutayarisha bajeti ya mwaka.

Niseme wazi kwa nini niliitaka kazi ile, maana mshahara haukuwa sababu ya kwanza. Katika ile miezi mitatu niligundua kwamba napenda kuamua. Nilikuwa nimezoea kupima maziwa na kumwita mtu mwingine aseme yakubaliwe au yarudishwe. Kwa muda ule mfupi mtu huyo nikawa mimi, na nililala vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kisha msimamizi akarudi na mtoto mwenye afya, sote tukafurahi, nami nikarudi kwenye glasi ya kupimia kama maziwa yametiwa maji. Nafasi kama ile haitangazwi kila mwaka. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Kama angeletwa kijana mwenye diploma, angekaa mpaka nistaafu, na nisingekuwa na haki ya kumlaumu.

Shule niliishia kidato cha nne. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kozi za posta, na mtu aliyejifunza namna hiyo hupata ugonjwa mmoja: kila anapokaribia watu wenye vyeti, huanza kuomba msamaha kabla hajashtakiwa. Ugonjwa huo ulikuwa umenikaa vizuri. Zaidi ya hapo, pale ushirikani tuna desturi yetu. Anayesimama kwenye mkutano mkuu huanza kwa kusema anazungumza kwa niaba ya wenzake, hata kama anachosema ni kwamba ng'ombe wake amezaa. Anayejitaja mwenyewe hupigiwa miluzi. Kuna mkulima aliyewahi kusema "mimi ndiye nilileta barabara hii," na mpaka leo tope likizidi watu humpigia simu aje aichukue.

Kwa hiyo niliketi wiki nzima nikiandika barua ya maombi katika hali hiyo. Niliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya ofisi zetu, lakini maana yake ilikuwa hivi: "Ninafahamu kwamba sijafikia kiwango mnachohitaji, na kwamba wapo wengi wanaostahili kuliko mimi. Hata hivyo, kwa unyenyekevu mkubwa, ninaiomba kamati inifikirie, ikiwa itaona vyema." Mambo ya ile miezi mitatu niliyaeleza kama kazi ya kituo kizima. Kituo kilipunguza maziwa yanayokataliwa. Kituo kilipata mpango mpya wa kukusanya maziwa. Ukiisoma barua ile ungedhani nafasi inaombwa na jengo.

Huo mpango mpya nieleze kidogo, kwa sababu ulikuja kuwa na kazi. Maziwa yetu huletwa na waendesha boda boda, kila mmoja na njia yake na mitungi yake. Zamani mwendeshaji alikuwa akizunguka kwa wakulima wote wa njia yake kabla ya kufika kituoni. Wa kwanza kumkamulia ndiye aliyeumia, maana maziwa yake yalitembea na jua asubuhi nzima, na mara kwa mara yakafika yameanza kuchacha. Mwendeshaji mmoja, mtu wa maneno mengi anayetoka upande wa uwanja wa ndege, aliniambia siku moja nikikaimu kwamba afadhali alete nusu, arudi kuchukua nusu. Wazo lilikuwa lake. Ila safari mbili ni petroli mara mbili, na petroli hailipwi na wazo. Nilichofanya mimi ni kujaribu kwenye njia yake peke yake kwa wiki mbili, nikaweka gharama ya petroli upande mmoja na maziwa yaliyookolewa upande mwingine, nikapeleka hesabu hiyo kwa kamati, nikarudishwa, nikaenda tena. Kamati ilikubali mara ya pili. Baadaye njia zote zikafuata.

Barua nilienda kuichapa mjini, kwenye saiba moja, chumba cha kompyuta na uchapaji kilicho ghorofani juu ya duka la mbegu. Mwenyewe ni mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega, ambaye amechapa barua za kazi za nusu ya mji huu na anajua nani aliitwa na nani hakuitwa. Huchapa huku akisoma kwa sauti ya chini, na akifika mahali asipopapenda, vidole vinasimama.

Vidole vilisimama kwenye sentensi ya kwanza.

"Mzee," akasema, "hii barua imepiga magoti."

Nikamwambia ni adabu.

"Adabu ni kusalimia. Hapa umelala kifudifudi. Unaomba kazi ama unaomba radhi?"

Kijana aliyekuwa akisubiri kupiga fotokopi akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Nilimwomba mama achape tu kama ilivyo. Akachapa. Lakini wakati printa ikipasha moto, akafungua ukurasa mwingine na kuanza kuandika kwa kasi ya kutisha, akiniulizauliza: nimefanya kazi miaka mingapi, nimesimamia watu wangapi, maziwa yaliyokuwa yakikataliwa yalipungua ama hayakupungua. Nilijibu nikidhani ni mazungumzo. Baada ya robo saa akanipa karatasi ya pili. "Hii ni yako pia," akasema. "Ni vile inavyoandikwa Nairobi."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Ilisema mimi ni kiongozi mwenye maono na rekodi isiyo na kifani. Ilisema nilibuni na kutekeleza peke yangu mfumo wa kisasa wa usafirishaji wa maziwa uliobadilisha sekta ya maziwa ya kaunti nzima. Ilisema sina udhaifu wowote ila kupenda kazi kupita kiasi. Pale penye mshahara unaotarajiwa, ambapo mimi nilikuwa nimeandika "kiasi chochote ambacho kamati itaona kinafaa," yeye aliandika elfu themanini.

Nilicheka mpaka nikaketi. Mshahara wangu wakati huo ulikuwa elfu thelathini na tatu. Nikamshukuru kwa bidii yake, nikakunja karatasi yake nikaitia mfukoni nimwonyeshe mke wangu, nikatia sahihi barua yangu. Tangazo lilitaka barua yenye sahihi ipelekwe kwa mkono, na nakala pamoja na vyeti vitumwe kwa barua pepe. Ya mkono niliichukua. Ya barua pepe nilimwachia yeye, kwa kuwa vyeti vilihitaji kupigwa picha kwenye mashine na foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nikalipa, nikashuka, nikaipeleka ya mkono ushirikani.

Mke wangu ana duka la vyakula karibu na stendi. Alilikuta likiwa kibanda, akalifanya duka, na ameajiri na kuachisha watu kazi zaidi ya meneja wa ushirika wetu. Nilimsomea barua zote mbili, yangu kutoka kwenye nakala niliyobaki nayo, akipima maharagwe. Ya mama wa saiba ilimfurahisha sana. Akaniuliza huyu kiongozi mwenye maono anakula nyumbani leo au ana mkutano. Yangu haikumfurahisha hata kidogo.

"Baba watoto, wewe nikikuajiri hapa, kwa barua hii, nitakupa kazi gani?"

Nikasema, kazi yoyote.

"Ndiyo shida." Akafunga mfuko wa maharagwe. "Wale huja hapa kutafuta kazi wako wa aina mbili. Mmoja anasema, mama, mimi naweza yote. Huyo wiki ya kwanza amevunja trei ya mayai. Mwingine anasema, mama, mimi sijui kitu, utanionyesha. Huyo havunji, lakini kila saa niko nyuma yake, sasa kazi ni yangu na mshahara ni wake. Yule wa mwisho nilimwandika ndani ya dakika tano. Alisema mizani najua, kupanga rafu najua, hesabu ya pesa za simu sijui, lakini nipe mpaka Ijumaa."

"Na Ijumaa ilipofika?"

"Alikuwa amejua. Lakini hata asingejua, ningejua ni nini hajui. Unaelewa? Sitafuti mtu hana pengo. Natafuta mtu ananionyesha pengo liko wapi, nisitumbukie."

Nilielewa, lakini barua ilikuwa imekwisha kupelekwa asubuhi ile ile, na mimi si mtu wa kurudi kuomba barua yangu. Nilijifariji kwamba watu wa kamati wananijua.

Wiki mbili baadaye nikaitwa kwenye mahojiano. Tuliitwa watatu. Wenzangu wawili walikuwa na diploma, na mmoja, kijana wa kutoka upande wa Soy, alikuwa ameshasimamia kituo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu. Tulipokuwa tukisubiri kwenye benchi alinieleza vizuri kabisa namna walivyotatua tatizo la mitungi isiyosafishwa, na nikapata faida. Nikajiambia kwamba hata nikikosa, leo sijatoka mtupu. Ndivyo mtu wa aina yangu huanza kushindwa kabla ya kuingia mlangoni.

Chumba cha mikutano kina meza moja ndefu na picha za ng'ombe walioshinda maonyesho. Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti, mzee wa ng'ombe kumi na wawili ambaye hajawahi kuvua koti lake hata jua likiwaka. Mweka hazina, mama ambaye maziwa yake nimeyapima kila asubuhi kwa miaka na sijawahi kuyakuta na tone la maji. Na meneja, ambaye hasemi mpaka wengine wamalize.

Nilisalimia, nikaketi. Mwenyekiti alivaa miwani, akaweka mbele yangu karatasi mbili, moja kando ya nyingine, akazinyoosha kwa kiganja kama mtu anayepanga kitambaa cha meza.

Ya kushoto ilikuwa na sahihi yangu. Ya kulia ilianza na kiongozi mwenye maono.

Mama wa saiba alikuwa ameituma. Baadaye nilipomwuliza hakukana. Alisema aliona barua yangu peke yake itaniangusha, akaiongezea nguvu. Lakini pale mezani sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba masikio yangu yanawaka.

"Kijana wangu," mwenyekiti akasema, maana kwake yeye mtu wa miaka arobaini na saba bado ni kijana, "tumepata shida kidogo. Hapa kuna watu wawili. Wana jina moja, wana kitambulisho kimoja, hata simu ni moja. Huyu wa hapa anasema hastahili. Huyu wa hapa amebadilisha kaunti nzima. Sasa tunauliza, nani ameketi kwa hicho kiti?"

Mweka hazina alikuwa ameshaanza kucheka na leso mdomoni. Meneja alikuwa akitazama picha ya ng'ombe.

Nilisema lililokuja kwanza, ambalo lilikuwa kweli: ile ya kulia sikuiandika mimi. Iliandikwa na mtu wa saiba kwa nia njema, nami sikujua kwamba imetumwa. Nikaona mabega yangu yanashuka kwa nafuu. Nilidhani nimeshatoka shimoni.

Mweka hazina akaondoa leso. "Basi tuiweke kando," akasema, na akaigeuza ile ya kulia chini. "Inabaki hii. Hii ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Na ni ya kweli?"

Nikaitazama sahihi yangu.

"Kwa sababu hii inasema wewe hujafikia. Inasema kuna wengi bora kuliko wewe. Wawili wako hapo nje. Mimi nimesoma, nikaamini. Sasa nikuulize, nitakupa vipi ufunguo wa tangi, maziwa ya watu wote hawa, na wewe mwenyewe umeniandikia nisikupe?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyoniuliza kwa simu kila asubuhi maziwa yake yamesoma ngapi. Na hapo niliona kwamba kukana majivuno ya mtu mwingine ni rahisi mno. Nilikuwa nimekimbia uongo mmoja nikaenda kujificha ndani ya mwingine, huu niliouandika mwenyewe kwa wiki nzima na kuutia sahihi. Kusema najua yote kungekuwa uongo. Kusema sistahili kulikuwa uongo vilevile, ila wenye mavazi ya heshima.

"Mama," nikasema, "zote mbili hazisemi ukweli wote. Mkiniruhusu nitausema sasa, kwa kifupi."

Mwenyekiti akafanya ishara ya mkono, kama mtu anayefungulia ng'ombe lango.

Nilianza na yale ninayoyajua, na kwa mara ya kwanza sikuyaombea msamaha. Nilisema upokeaji naujua: kunusa, kupima uzito, kupima kwa spiriti kama yameanza kuchacha, na kumrudishia mkulima maziwa yake bila kumfanya adui. Nikasema kituo nimekiendesha miezi mitatu, na maziwa ya tangi hayakuharibika hata siku moja. Kisha nikafika kwenye ule mpango wa safari mbili. Hapo nilisita, kwa sababu desturi ilinivuta upande mmoja na barua ya kulia ikanivuta upande mwingine. Nikakumbuka duka, na mizani, na Ijumaa.

"Wazo la safari mbili halikuwa langu," nikasema. "Ni la mwendeshaji wa njia ya uwanja wa ndege, na mtu asinipe sifa hiyo. Kulijaribu, kupiga hesabu ya petroli na maziwa, na kuileta hapa mara mbili mpaka mkakubali, hiyo ni kazi yangu. Hakuna mwingine aliyeifanya."

Mwenyekiti akasema, "Mara ya kwanza tulikufukuza."

"Mlinirudisha, Mzee."

"Tulikufukuza," akasema kwa furaha, na kugeukia wenzake. "Akarudi tena na karatasi ileile."

"Hesabu ilikuwa ileile, Mzee. Nilibadilisha mpangilio tu."

Kisha nikasema nisiyoyajua, na nilijitahidi kuyasema kwa sauti ileile, isiyoshuka. Sijawahi kutayarisha bajeti ya mwaka. Nimetayarisha makadirio ya kila mwezi ya mafuta ya jenereta na dawa za kuoshea, kwa hiyo naanza na kitu mkononi, lakini robo ya kwanza ningeomba mhasibu aketi nami. Sijawahi kumwandikia mfanyakazi barua ya onyo. Nimewahi kumrudisha mmoja nyumbani alipokuja kazini amelewa, na kesho yake tukazungumza, akabaki. Sijui kama ningeweza kufanya hivyo kwa watu wanane kwa mwaka mzima. Nadhani ningeweza.

Meneja sasa akaacha kutazama ng'ombe. Aliniuliza swali moja tu: usiku stima imepotea, jenereta imekataa kuwaka, tangi limejaa, na lori la kuchukua maziwa linakuja asubuhi. Nafanya nini?

Ile barua ya kulia ingejibu kwamba jambo hilo nimelikabili mara nyingi. Ya kushoto ingesema ningempigia yeye simu. Nikamwambia kwamba tangi likiwa limejaa halijanipata. Likiwa nusu limenipata, mara moja, nikikaimu. Maziwa yaliyokwisha poa hukaa salama kwa saa kadhaa kama mfuniko haufunguliwi, kwa hiyo la kwanza ni kuzuia watu wasichungulie na kutoongeza hata lita moja yenye joto. La pili ni fundi wa jenereta. La tatu, huku fundi akiwa njiani, ni kuwapigia wenye lori waje mapema, na kuuliza kituo jirani kama wana nafasi. "Na wewe, Meneja, ningekupigia mwanzoni kabisa, nikikuambia nimefanya nini na bado sijui nini. Nisingesubiri mpaka mambo yaharibike ndipo nikuamshe."

Aliandika kitu. Sikuona ni nini.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mweka hazina alikuwa ameigeuza tena ile karatasi ya kulia na kuiweka kando ya nyingine, kidole chake kimoja kikiwa chini kabisa ya kila moja.

"Hapa unataka chochote," akasema. "Hapa unataka elfu themanini. Kutoka chochote mpaka themanini ni mbali, mtu anaweza kupotea. Tuambie wewe."

Nilikuwa nimeifikiria namba hiyo nyumbani, lakini nilikuwa nimeifikiria kama mtu anavyofikiria kununua lori. Nilijua mshahara wangu. Nilijua posho niliyopewa nikikaimu. Nilijua takriban kazi kama ile hulipa nini kwenye vituo vingine vya ukubwa wetu, kwa sababu kijana wa Soy alikuwa amenidokezea pale kwenye benchi. Hesabu yangu ya kweli ilikuwa ikikaribia hamsini. Lakini ulimi, ulipoiona hamsini inakuja, ulipunguza mwendo wenyewe.

"Arobaini na nne," nikasema. "Elfu arobaini na nne."

Mweka hazina akaandika haraka sana. Kama ningekuwa na busara ningeishuku haraka ile.

Walinipa kazi. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwa barua fupi isiyo na unyenyekevu wala maono: msimamizi wa kituo, kwa majaribio ya miezi sita, mhasibu kuketi nami wakati wa bajeti, mshahara kama nilivyotaja, na kuangaliwa upya baada ya majaribio. Kijana wa Soy alipata kazi ya kusimamia usafi na ubora katika kituo chetu hicho hicho, na ninafurahi kusema kwamba mitungi haijawahi kung'aa hivi. Yule mwendeshaji wa njia ya uwanja wa ndege aliposikia kwamba nimemtaja mbele ya kamati, alianza kuniita bosi kwa sauti inayosikika mpaka barabarani, na kudai kwamba nusu ya ofisi ni yake.

Mama wa saiba nilimpelekea habari mwenyewe, pamoja na mkate. Nilimweleza namna barua yake ilivyolazwa mezani na namna nilivyojieleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila vidole kusogea.

"Sasa huoni nilikusaidia?" akasema. "Wangeona ile ya magoti peke yake, hata kuitwa hungeitwa. Wangeona yangu peke yake, wangekuita wakucheke. Waliona mbili, wakataka kujua."

Nilimwachia mkate, na hoja pia. Tangu siku hiyo nimewaandikia barua watu wanne pale kituoni waliotaka kupanda hatua moja. Huwa nawauliza maswali matatu tu, taratibu: umefanya nini wewe, nani alikusaidia, na nini hujawahi kufanya. Kisha naandika majibu yao kwa mpangilio huo, kwa sauti moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Mshahara nawaambia wauseme kwa sauti mbele yangu mara tano kabla hawajaenda.

Hilo la mshahara lilitokana na asubuhi moja ya mwezi wangu wa pili. Mweka hazina alileta maziwa yake mwenyewe siku hiyo, mwendeshaji wake akiwa mgonjwa. Maziwa yalisoma vizuri kama kawaida. Alipokuwa akisubiri mtungi uoshwe, aliniuliza kazi inaendaje, nikasema inaendelea vizuri, akasema hata wao wanaona.

"Lakini ulituhurumia," akasema.

Nikamwuliza nimewahurumia vipi.

"Ile siku. Tulikuwa tumetenga arobaini na nane. Iko kwa bajeti, utaikuta mwenyewe mkiketi na mhasibu. Mwenyekiti alitaka nikuambie uongeze kidogo, nikamkanyaga mguu chini ya meza." Akachukua mtungi wake, akauangalia ndani kama umeoshwa vizuri, akaufunga. "Mimi ni mweka hazina. Si mama yako."

Nilimsaidia kuufunga mtungi kwenye pikipiki, tukaagana kwa heshima. Kisha nikarudi ofisini kwangu, nikavuta kiti, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupiga hesabu mpaka mwisho, nikaipiga. Kila mwezi elfu nne. Majaribio miezi sita. Ulimi uliopunguza mwendo kwa namba moja tu ulikuwa umenigharimu shilingi elfu ishirini na nne.